Ukiuliza Kama Salamu, Utajibiwa Kama Salamu

Jumapili moja mchana watu wapatao arobaini walikaa chini ya mwembe mtaani kwetu, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya tofali. Ajenda ilikuwa moja: maji. Katibu alifungua daftari, akakohoa, akauliza: "Jamani, hali ya maji mtaani kwetu ikoje?"

"Mbaya!" walijibu wa mbele.

"Shida tupu!" wakadakia wa nyuma.

"Kwa hiyo tunakubaliana kwamba kuna tatizo la maji?"

"Ndiyooo!"

Saa nzima ilipita hivyo. Tulipotawanyika nilichungulia daftari la katibu. Chini ya tarehe alikuwa ameandika mstari mmoja: "Maji – shida." Jambo hilo alilijua tangu asubuhi, kabla hajaagiza viti. Njiani alilalamika kwamba watu wa mtaa huu hawapendi kuchangia. Nilimjibu kwamba walichangia sana tu, kila mmoja alitoa alichoombwa. Yeye aliomba neno moja, nao wakampa neno moja.

Kiswahili kina desturi ya maswali ambayo majibu yake yamekwisha kupikwa. Ukisema "Habari za asubuhi?" unajibiwa "Nzuri," hata kama aliyekujibu amekesha na mtoto mwenye homa. "Hujambo?" jibu lake "Sijambo." "Hodi" jibu lake "Karibu." Hata mtoto ukimwambia "Kitendawili!" anajua kwamba zamu yake ni kusema "Tega!" Hakuna anayedanganya hapo. Salamu haitafuti taarifa, inatafuta kujua kama tuko pamoja, na neno moja linatosha kuonyesha kwamba tuko.

Sasa lichukue swali la katibu. "Hali ya maji ikoje?" lina sura ile ile ya "Hali yako ikoje?" Masikio yakilisikia hulipokea kama salamu, na mdomo hutoa jibu la salamu. Tofauti ni kwamba badala ya "nzuri" ya kawaida, hapa kuna "mbaya" ya kawaida. Ndugu zake ni "Mnaonaje?", ambalo huvuta "Sawa," na "Tuko pamoja?", ambalo huvuta "Tuko pamoja."

Swali la "je" lina shida yake. Ukiuliza "Je, mnaridhika na huduma?" umewawekea watu milango miwili tu, ndiyo na hapana. Ukiligeuza likawa la kukanusha, unapotea kabisa. Mwenyekiti akiuliza "Hamna maswali?" na watu wakasema "Ndiyo," maana yake ni "ndiyo, hatuna," kwa sababu katika Kiswahili tunaiafiki kauli kama ilivyosemwa. Lakini pembeni atakuwapo mmoja aliyesema "ndiyo" akimaanisha analo swali, naye atakaa na swali lake mpaka kikao kiishe.

Basi swali la namna gani huwafanya watu wasimulie? Mfano mzuri kuliko yote niujuao hautoki kwenye mikutano ya mitaa. Unatoka kwa marubani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na kesi nyingi za ajali na nusura ajali ambazo ripoti zake ziliishia kwenye maneno mawili: kosa la rubani. Rubani aliitaka ndege ifanye hivi, akagusa pasipostahili, ndege ikafanya vile. Wanasaikolojia wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walitaka kujua ndani ya maneno hayo mawili kuna nini. Wangeweza kuwauliza marubani kama vyombo vya kuendeshea ndege vinafaa, na wangejibiwa "vinafaa." Wangeweza kumuuliza kila mmoja kama amewahi kukosea, na bila shaka wengi wangesema "hapana," kwa maana ni rubani gani wa kijeshi atakayejichongea mbele ya wakubwa?

Wao walimwomba kila mtu aeleze kwa kina kosa moja katika kutumia vyombo vya kuendeshea ndege, kosa alilolifanya mwenyewe au lililofanywa na mtu mwingine aliyekuwa akimtazama wakati huo. Walikusanya visa 460 na kutoa ripoti yao mwaka 1947. Karibu nusu ya visa hivyo vilikuwa vya aina moja: rubani alishika mkono au kitufe kimoja akidhani ni kingine. Kosa mojawapo lililojulikana sana lilikuwa la mkono wa kukunja magurudumu na mkono wa vile vibao vya nyuma ya bawa ambavyo huteremshwa ndege inapotua. Katika baadhi ya ndege mikono hiyo miwili ilikaa karibu na kufanana, na rubani aliyetaka kupandisha vibao baada ya kutua alijikuta amekunja magurudumu ndege ikiwa chini. Kumbe "kosa la rubani" lilikuwa kosa la aliyepanga mikono. Mpaka leo katika ndege nyingi mkono wa magurudumu una kichwa cha duara kama gurudumu, na ule wa vibao una kichwa bapa kama bawa, ili kiganja kijue bila jicho.

Litazame tena swali lile, maana kila kipande chake kina kazi. Liliomba kosa moja. Kwa hiyo mtu hakulazimika kujumlisha maisha yake yote ya urubani, alichagua siku moja na kuisimulia. Liliomba tukio, na tukio halijibiki kwa "ndiyo," kwa kuwa lina mwanzo, katikati na mwisho. Tena lilimpa mtu mahali pa kujificha kwa heshima: "wewe au uliyekuwa ukimtazama." Aliyeona aibu aliweza kusimulia kosa lake kwa jina la "mwenzangu mmoja," na watafiti hawakupoteza kitu, kwa sababu walichokitaka ni kujua lilivyotokea. Aliyelitenda hawakuwa na haja naye.

Kuna jambo moja zaidi: swali halikutaja mkosaji wala chanzo. Halikusema "uzembe," halikusema "vyombo vibovu." Neno ulitialo ndani ya swali hurudi kwako ndani ya jibu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, watafiti wa Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa neno kali, mfano wa "yalipobamizana," walikisia wastani wa kilomita kama 66 kwa saa. Walioulizwa kwa neno laini, mfano wa "yalipogusana," walikisia kama 51. Filamu zilikuwa zile zile. Kwa hiyo katibu akiuliza "Uzembe wa watu wa maji unawaathirije?" atapata hadithi nyingi za uzembe, na hatajua kamwe ni ngapi zilitoka bombani na ngapi zilitoka mdomoni mwake.

Nilimweleza katibu habari za marubani tukiwa kibarazani kwake, tukalifumua swali lake upya. Kazi ilichukua jioni nzima, na rasimu zake zilikuwa hivi.

Rasimu ya kwanza: "Kwa nini maji hayatoki?" Tuliifuta mara moja. Mwenye bomba hajui kwa nini, atabuni tu. Tena "kwa nini" kwa Kiswahili ina ukali wa mzazi: "Kwa nini umechelewa?" Mtu akiisikia hutafuta utetezi kwanza, hadithi anaiacha. Pale unapotaka kusema "kwa nini," jaribu "ilikuwaje." Neno hilo dogo huomba masimulizi kwa asili yake.

Rasimu ya pili: "Kwa kawaida mnapata maji mara ngapi kwa wiki?" Hii inaonekana makini, hata ina hesabu. Lakini "kwa kawaida" humtaka mtu apige wastani kichwani, na akishindwa anataja namba ya mviringo. Watu kumi wangesema "mara mbili," na usingejua mara mbili ya nani, saa ngapi, wala kwa muda gani.

Rasimu ya tatu ndiyo tuliyoipeleka. Katibu aliiandika kwenye karatasi na kuibandika dukani siku tatu kabla ya kikao, ili watu waje nayo kichwani: "Mara ya mwisho maji kutoka kwenye koki ya nyumbani kwako, au kwa jirani unakochota, ilikuwa siku gani na saa ngapi? Tusimulie ilivyokuwa tangu yalipoanza mpaka yalipokatika, na ulipata vyombo vingapi."

Tuliliandika "mara ya mwisho" kwa sababu tukio la karibu bado lina joto kichwani, na kwa sababu linamnyima mtu nafasi ya kuchagua siku mbaya kuliko zote ili atuhurumishe. Tuliliandika "au kwa jirani unakochota" kwa ajili ya wapangaji wasio na koki na wanaoona haya kulisema hilo mbele za watu. Hao ndio "uliyekuwa ukimtazama" wetu. Vyombo tulivitaja kwa kuwa hakuna anayepima maji kwa mita za ujazo, lakini kila mtu anajua alijaza madumu mangapi ya lita 20. Katika kusema "saa ngapi" tulikumbushana tusiridhike na "alfajiri," kwa sababu alfajiri ya mwenye kuuza maandazi ni saa tisa na alfajiri ya mwanafunzi ni saa kumi na mbili.

Siku ya kikao katibu hakuanza kwa kuuliza. Alianza kwa kujibu. "Mimi Jumanne usiku, saa nane kasoro. Nilisikia koki inakoroma, mke wangu akaamka kabla yangu. Dakika ishirini hivi. Tulijaza madumu sita na sufuria la pilau, la saba likaishia nusu." Watu walicheka kwa lile sufuria, na aliyefuata akataja mpaka ndoo ya kufulia.

Jibu la kwanza ndilo kielelezo, na wapenzi wa ushairi wanalijua hilo. Tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wamekuwa wakitupiana maswali kwa beti, na desturi ya kujibizana ni kwamba anayejibu hufuata bahari ya muulizaji. Akiuliza kwa mizani kumi na sita, atajibiwa kwa kumi na sita. Kikao nacho ni hivyo hivyo. Wa kwanza akisema "Shida," wote wanafuata kina hicho. Wa kwanza akisimulia kwa sentensi nne, wa pili anaona aibu kutoa neno moja.

Kielelezo lakini kina sumu yake. Kikiwa kikali mno, watu huiga mpaka maudhui. Katibu angesimulia kisa cha kutisha, wengine wangeshindana naye kwa vitisho. Ndiyo maana alichagua siku ya kawaida, yenye kadiri. Na baada yake hakumpa nafasi mzee wa mtaa, ingawa kwa adabu zetu ndiye hutangulia. Alimwendea nyumbani siku moja kabla, akamwambia, "Mzee wangu, naomba kesho wewe utufungie." Mzee alikubali kwa furaha, kwa kuwa kufunga nako ni heshima. Kama angetangulia na kusema neno lake, waliobaki wangesimama mmoja mmoja kusema, "Namuunga mkono mzee," na daftari lingerudi kwenye mstari mmoja.

Majibu yakaja. Mama anayeuza maandazi, anayekaa bondeni karibu na daraja, alisema Jumanne hiyo maji yalianza kwake saa sita na nusu usiku na yalikuwa bado yanatoka alipowasha jiko saa tisa. Alijaza tangi zima. Kijana fundi pikipiki, aliyepanga juu kabisa kwenye kilima, alisema kwake Jumanne hapakutoka tone. "Bomba lilipuliza upepo tu, mita ikawa inazunguka." Watu waliguna. Katibu hakusema "asante, mwingine," maana asante ya haraka hufunga mlango. Alisema neno ambalo kila msimuliaji wa Kiswahili analisubiri: "Ehe?" Kijana akaendelea. Alisema kwamba upepo ule hupuliza usiku uleule ambao bondeni wanajaza, na kwamba mara ya mwisho maji yenyewe kumfikia ilikuwa siku tisa nyuma, usiku wa mvua ambao watu wa bondeni hawakuamka kuchota.

Hapo ndipo mkutano mzima ulinyamaza kidogo. Katibu alikuwa anaandika kwa safu: nyumba, siku, saa, madumu. Ukizisoma safu zile kuanzia bondeni kwenda juu, saa za kuanza zilichelewa na madumu yalipungua, nyumba kwa nyumba. Jambo hilo halina uchawi. Maji yakipanda mita kumi hupoteza msukumo wa takriban baa moja, na katika bomba lenye msukumo mdogo walio chini wakifungua koki zote kwa pamoja, walio juu hubaki na hewa. Mita nyingi zikipitiwa na hewa huzunguka kama zinavyopitiwa na maji. Hakuna hata mmoja pale aliyekuja na maelezo hayo. Yalipatikana kwa kuweka usiku mmoja wa watu thelathini kando kwa kando.

Ona basi tofauti ya madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na "Maji – shida," na kwa barua ya namna hiyo ofisi yoyote ingejibu kwamba suala linashughulikiwa. La pili lilikuwa na ombi la kupimika, kwamba tawi la kilimani lifunguliwe peke yake usiku mmoja kwa wiki, na mita za nyumba zilizotajwa zikaguliwe. Lilikuwa pia na jambo la kufanya sisi wenyewe bila barua: watu wa bondeni wenye matangi wafunge koki ikifika saa nane.

Njia hii ina mipaka, na ni vizuri kuijua kabla ya kuitumia kwa kila jambo. Yupo jirani yetu mwenye kisima anayeuza maji kwa mikokoteni. Alihudhuria vikao vyote viwili na hakusema neno. Swali zuri halimfungui mtu ambaye jibu lake litamvunjia biashara. Vilevile tukio la mwisho la kila mtu linakupa picha ya wiki hii, halikupi picha ya mwaka. Kiangazi kikianza, lazima uulize tena. Na yapo mambo ambayo hayaulizwi mbele ya watu hata ukiyapamba vipi: deni, ugonjwa, ugomvi wa ndani ya nyumba. Ukiona swali lako limepokewa kwa kimya, au kwa kicheko kirefu kisicho na jibu, usilirudie kwa sauti ya juu. Huenda maneno yake hayana kosa ila umelileta uwanjani, na lilistahili kuulizwa kibarazani kwa mtu mmoja mmoja.

Kosa jingine nililiona kwa katibu wa mtaa wa pili, aliyesikia habari zetu akaja na karatasi yenye maswali saba: maji, taka, taa, ulinzi, na mengine. Watu walijibu la kwanza kwa hadithi, la pili kwa sentensi, na kuanzia la tatu wakarudi kwenye "mbaya." Kikao kimoja kina pumzi ya swali moja. Ukiwa nayo saba, una vikao saba.

Kabla ya kulitoa swali mbele ya watu, katibu wetu siku hizi ana kipimo chake. Analiandika, kisha anajaribu kulijibu kwa neno moja kwa uvivu wote alionao. Likijibika, analifuta. Lisipojibika, analijibu kikamilifu yeye mwenyewe kwa sauti. Jibu lake likipita dakika mbili swali ni pana mno, kwa hiyo analipunguza mpaka libebeke.

Mwezi uliofuata alisimama tena chini ya mwembe. Kabla ya swali jipya alisoma kilichotokana na lile la zamani: barua imepelekwa tarehe fulani, majibu bado, koki za bondeni zilifungwa Jumanne tatu kati ya nne, na kilimani maji yalifika mara mbili. Fundi pikipiki alinyosha mkono kabla hajaitwa. "Katibu, hiyo mara ya pili nilijaza madumu manne," alisema. "Ngoja nikwambie ilivyokuwa."